Nataka kumwandikia mwalimu mkuu aanzishe klabu ya karata kila wiki. Naombeni mnisomee barua

BabaRehema_Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko darasa la tano, shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini. Hesabu za kichwa zinampa tabu. Ukimwambia 17 jumlisha 8 anaanza kukunja vidole chini ya meza. Likizo iliyopita alikaa kwa babu yake, na babu akamfundisha mchezo wa karata wa wahedusitini. Amerudi anajumlisha lundo la karata bila kalamu, tena anamsahihisha kaka yake aliye kidato cha kwanza. Nimeyaona haya kwa macho yangu, ndiyo maana nataka na wenzake wapate.

Nimeandika barua ya kumpelekea mwalimu mkuu. Naomba mnisomee kabla sijaipeleka:

*YAH: OMBI LA KUANZISHA KLABU YA KARATA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la V shuleni kwako. Naomba shule ianzishe klabu ya michezo ya karata itakayokutana kila wiki. Michezo ya karata hukuza akili, umakini, ushirikiano na nidhamu, na nchi nyingi zilizoendelea huitumia mashuleni. Nipo tayari kusaidia kwa hali na mali. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa. Natanguliza shukrani.*

Inatosha au kuna kitu kimepungua?

Mkwaju_Mkavu

Ndugu, unamtafutia mwalimu wa watu matatizo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha inakataza mtu wa chini ya miaka 18. Ukipeleka barua yenye neno karata kwenye kichwa, inaishia kwenye kapu la taka siku hiyo hiyo. Kama umeamua lazima, iite "Klabu ya Hesabu". Watoto wakishaingia darasani na mlango umefungwa, mtacheza karata zenu na hakuna wa kuuliza.

MamaWawili_Ngamiani

Mimi naomba kusema la moyoni. Mume wangu alianza hivi hivi, karata za maskani baada ya swala ya alasiri, soda kwa soda. Zikawa elfu mbili mbili. Leo mshahara ukitoka nakuta nusu. Nikisikia shule inataka kufundisha watoto karata mwili unanisisimka. Kaka, binti yako ana bahati ya kuwa na babu mwema. Si kila mtoto akitoka hapo shuleni anarudi kwa babu wa namna hiyo. Wengine njia ya kurudi nyumbani inapita maskani.

MwalimuMstaafu

Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi mbili kabla ya kustaafu, kwa hiyo niseme kama mtu aliyekuwa akizipokea barua hizi mezani.

Kwanza Mkwaju. Sheria uliyoitaja ipo, na kweli inamzuia mtoto. Lakini inahusu kuweka dau. Watoto wanne wanaocheza bila fedha, bila soda, bila kalamu kwa kalamu, hawajafanya mchezo wa kubahatisha kwa maana ya sheria ile. Uliposema mwalimu mkuu ataogopa, hapo umesema kweli, ila hofu yake haitoki kwenye kitabu cha sheria. Anamwogopa mzazi mmoja atakayesimama kwenye mkutano wa wazazi aseme "shule imekuwa maskani", na habari ifike kwa Afisa Elimu Kata kabla yeye hajajieleza. Barua nzuri ni ile inayompa majibu ya kumjibu mzazi huyo.

Ndiyo maana sikubaliani na kuficha. Ukiandika "Klabu ya Hesabu", halafu mjumbe wa kamati ya shule apite dirishani aone turufu zinapigwa, mwalimu mkuu ataonekana alidanganya au alidanganywa. Klabu itafungwa, na mzazi mwingine akija baadaye na jambo jema, hatasikilizwa. Neno karata libaki kwenye kichwa cha barua.

Mama Wawili, pole sana dada yangu. Unalolisema ndilo litakalosemwa kwenye kikao, na ni haki lisemwe. BabaRehema, barua yako hailigusi kabisa. Hilo ndilo pengo la kwanza.

Pengo la pili: "kukuza akili, umakini, ushirikiano na nidhamu". Maneno hayo nimeyasoma kwenye barua za kwaya, za bustani, za skauti, za karate. Hayamwambii mwalimu mkuu chochote. Na habari ya nchi zilizoendelea iondoe, atajiuliza inamhusu nini.

La tatu, "kwa hali na mali". Mwalimu mkuu akisoma hapo anaona kazi mpya inamjia. Nani atakaa na watoto? Siku gani? Chumba kipi? Karata nani ananunua? Usitegemee shule iwachangishe wazazi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, mwalimu mkuu yeyote anaogopa neno mchango.

Tuambie kwanza huo mchezo unachezwaje, maana hata mimi nimekulia bara na nilicheza lasti kadi tu.

BabaRehema_Tanga

Shikamoo mwalimu. Nashukuru, nimeyapokea.

Mchezo ni wa watu wanne, wawili wawili, wenza wanakaa kuelekeana. Unachukua pakiti ya kawaida ya karata 52, majoka unayaweka pembeni, unatoa zote za 2, 8, 9 na 10. Zinabaki 36, kila mtu anapata 9. Ree ndiyo kubwa, ina pointi 11. Inayofuata ni seti, yaani saba, ina 10. Halafu mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Garasa, kuanzia 6 kushuka hadi 3, hazina pointi. Kila aina ina pointi 30, na aina ziko nne, kwa hiyo zote ni 120. Upande unaofikisha 61 umeshinda.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Sasa nimekuelewa. Hayo uliyoyaandika hapa yana thamani kuliko barua yako yote. Kwa nini hayamo?

KaraniWaBaraza

Mwalimu kauliza vizuri, na mimi niongezee. Nimecheza mchezo huu tangu utotoni Unguja, na nimekuwa nikiandika hesabu za wazee barazani miaka mingi.

Uzuri wake kwa mtoto uko mwishoni, wakati wa kuhesabu. Pande mbili zinahesabu kila mmoja lundo lake, kisha majibu yanawekwa pamoja. Lazima yafike 120. Upande mmoja ukisema 67 na mwingine 43, ni 110, pointi 10 zimepotea. Karani mzoefu haangaiki, anasema tu "kuna mtu kaisahau seti". Kwa watoto hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu seti ina sura ya namba ya kawaida, si kama wazungu wenye picha, na mtoto anaitupa pamoja na garasa. Ikija 109, ree imerukwa, au haimo kabisa kwenye pakiti. Ikija 119, mtu kampa mzungu wa tatu pointi 2, au wa nne pointi 3. Mwalimu hana haja ya kusahihisha daftari. Watoto wenyewe wanarudi kwenye malundo, wanatafuta kosa mpaka 120 itimie.

Nitoe mfano wa mzunguko mmoja. Turufu, yaani aina inayozikata nyingine zote, ni shupaza. Rehema anaanza na mzungu wa nne wa kopa. Wa kulia kwake anaweka seti ya kopa, anadhani kashinda. Mwenza wa Rehema anaiua kwa ree ya kopa. Mezani sasa kuna 4, 10 na 11. Wa mwisho hana kopa hata moja, ila ana tatu ya shupaza, garasa isiyo na pointi. Anaikata nayo. Pointi 25 zimeondoka kwa karata isiyo na thamani yoyote, na mtoto wa darasa la tano amezijumlisha kichwani kabla hajazivuta, kwa furaha tu. Nani atamlazimisha kufanya 4 na 10 na 11 ubaoni kwa hamu ile?

Mkwaju_Mkavu

Karani, hapo kwenye 118 je? Umesema upungufu unakuonyesha karata. Mbili zimepungua, ni mzungu wa pili karukwa, au mzungu wa nne kahesabiwa kama wa pili?

KaraniWaBaraza

Umenena. 118 haisemi moja kwa moja, unaweza kuwa na sababu mbili au zaidi. Hapo unahesabu wazungu wa pili kwanza: wako wanne kwenye pakiti, wote wametajwa? Kama wametajwa, unatafuta wa nne aliyepunjwa. Na makosa mawili yanaweza kufutana, upande mmoja ukazidisha 2 na mwingine ukapunguza 2, ikaja 120 na hesabu ni mbovu. Kwa hiyo 120 inakupa imani, haikupi uhakika kamili. Dawa yake ni kubadilishana malundo, kila upande unahesabu la mwenzake.

Nahodha_Msa

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu shule ya mwanangu wana klabu ya chesi, mwalimu mlezi yupo na inaenda. Ningemshauri Baba Rehema aanze na chesi, haina maneno. Isitoshe chesi ina mashindano ya kaunti, mtoto anasafiri, anapata cheti. Bodi moja ya chesi ni bei gani huko Tanga?

BabaRehema_Tanga

Nahodha, asante, ila sitafuti mashindano. Chesi ni mchezo mzuri, lakini mtoto anaweza kucheza saa nzima bila kujumlisha namba hata mara moja. Mimi shida yangu ni kujumlisha.

AbuuYusra

Assalaam aleykum. Naomba nisipite kimya. Wako wanazuoni wanaozikataa karata hata pasipo fedha, na wako wanaosema kilichoharamishwa ni kamari, kuacha swala na kugombana. Mimi nafuata wa kwanza, mwanangu hatacheza. Simhukumu mtu. Naomba tu barua ieleze kwamba mtoto haingii mpaka mzazi wake aridhie, na asiyeingia asionekane ametengwa. Pia saa. Watoto wetu wengi wana chuo baada ya alasiri. Mkiwaweka shuleni mpaka saa 10, mtakuwa mmezua ugomvi na waalimu wa madrasa bila sababu.

MwalimuMstaafu

Aleykum salaam. Hilo la ridhaa ningelisema mimi, umeniwahi. Idhini iwe ya maandishi, ibaki faili la mwalimu mlezi. Na siku ya klabu, watoto wasiocheza wapewe kitu kingine kinachoeleweka, maktaba au bustani, si kukaa nje wakichungulia.

Saa ni kipindi kimoja, dakika 40, mara tu baada ya kipindi cha mwisho. Dakika 40 zinatosha michezo miwili au mitatu kwa wanaojifunza, pamoja na kuhesabu. Usiombe zaidi. Mwalimu mkuu akiona saa mbili kwenye barua, anaanza kufikiria nani atamlipa mwalimu nauli.

Kisha uombe majaribio, si klabu ya kudumu. Muhula mmoja. Mwalimu mkuu ni mwepesi kukubali jambo ambalo analiweza kulifunga bila aibu. Anza na watoto 16, meza nne, pakiti nne. Wakija 17 au 18, waliozidi wanakuwa makarani wa hesabu, wanapokezana. Klabu ya watoto 40 kwa siku ya kwanza ni fujo tupu, nakuhakikishia.

Karata zitoke kwako, zikabidhiwe ofisini na kuandikwa kwenye leja ya vifaa kama vitabu. Zihesabiwe 36 kila pakiti kabla hazijarudi kabatini. Zisitoke shuleni hata kwa mtoto aliyeomba kwa machozi. Pakiti ikionekana njiani mikononi mwa mtoto mwenye sare, klabu imekufa.

MamaWawili_Ngamiani

Mwalimu nimekusoma. Sijasema nakubali. Ila nauliza: mtoto akishajua kucheza, atazuiwaje kucheza kwa hela mtaani? Hiyo leja ya vifaa haimfuati mtoto nyumbani.

MwalimuMstaafu

Haimfuati, dada. Sina jibu la kukuridhisha hapo, na BabaRehema asijifanye analo kwenye barua. Anachoweza kuahidi ni kinachotokea ndani ya zile dakika 40: hakuna dau la aina yoyote, wala peremende, wala anayeshindwa kubeba mkoba wa mwenzake. Watoto huanzisha dau wenyewe bila kufundishwa, na dalili yake utaiona: mtoto anakataa kubadilisha mwenza, au analia kupita kiasi akishindwa. Mlezi akiona hivyo avunje meza hiyo, awachanganye upya.

KaraniWaBaraza

Kuna jambo dogo la kuamuliwa mapema: 60 kwa 60. Hutokea. Barazani kwetu mchezo hauna mshindi, na unaofuata unahesabiwa mara mbili. Kwa watoto semeni tu ni sare. Na mimi ningeacha zile za 2 zibaki, karata 40, kila mtu 10. Kwetu wengine hucheza hivyo.

BabaRehema_Tanga

Babu yake kasema 36, nitafuata 36. Nimeandika upya, tazameni:

*S.L.P. ..........*
*Tanga*
*Tarehe ..........*

*Mwalimu Mkuu,*
*Shule ya Msingi ..........*
*S.L.P. .........., Tanga*

*YAH: OMBI LA KUJARIBU KLABU YA KARATA KWA AJILI YA HESABU ZA KICHWA, DARASA LA V, KWA MUHULA MMOJA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la V. Naomba ridhaa yako ili watoto 16 wa darasa hilo wacheze wahedusitini kila Jumatano, saa 8:00 hadi 8:40 mchana, wakiwa na mwalimu utakayemteua. Nimechagua saa hiyo ili wanaokwenda madrasa wawahi.*

*Mchezo huu una pointi 120. Kila mzunguko mtoto hujumlisha namba kama 11, 10, 4, 3 na 2, na mwisho pande mbili hulinganisha majibu. Yasipofika 120 hurudia kuhesabu mpaka wapate kosa. Mwanangu amejifunza kwa babu yake, na nimeona anajumlisha bila vidole. Sidai kuwa kila mtoto atakuwa hivyo, ndiyo maana naomba muhula mmoja tu. Mwalimu wa Hisabati akiona vyema, awape watoto hao maswali 20 ya kujumlisha kwa mdomo mwanzoni na mengine 20 mwishoni, tuone tofauti.*

*Najua karata huhusishwa na kamari, na wapo wazazi wenye uchungu wa jambo hilo. Hakutakuwa na dau la aina yoyote, liwe fedha, chakula au kifaa. Hakuna mtoto atakayeingia bila idhini ya maandishi ya mzazi wake. Naomba wasioingia wapangiwe shughuli nyingine saa hiyo hiyo.*

*Nitakabidhi pakiti nne ziandikwe kwenye leja ya vifaa, na hazitatoka shuleni. Hakuna mchango utakaoombwa kwa mzazi yeyote. Mimi au babu yake tutakuja kila Jumatano kumsaidia mwalimu, kwa masharti utakayotupa.*

*Ukiona inafaa, niko tayari kuja kwenye kikao cha kamati ya shule nicheze mchezo mmoja na wajumbe ili waone wenyewe.*

*Wako mtiifu,*
*..........*

*Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule*

MwalimuMstaafu

Hii ningeisoma mpaka mwisho. Mabadiliko mawili. Nakala kwa mwenyekiti isitangulie. Mwone mwalimu mkuu ana kwa ana kwanza, muulize kama anapenda mwenyekiti apewe nakala sasa au baada ya yeye kuamua. Asije akahisi umemzunguka. Na huyo babu, mwalimu mkuu atataka kumfahamu kabla hajakaa na watoto wa watu, hiyo ni kwa usalama wao. Mpeleke siku hiyo hiyo ya barua.

Hilo la maswali 20 ni zuri, ila watoto 16 walioridhiwa na wazazi wao si sawa na darasa zima. Wakifanya vizuri usije ukamwambia mtu ni karata tu zilizofanya. Mwalimu wa Hisabati awape maswali hayo hayo na wenzao 16 wasiocheza.

AbuuYusra

Barua ya kiungwana. Mwanangu bado hatacheza, lakini kikaoni sitaipinga.

MamaWawili_Ngamiani

Mimi nitaipinga, na nitakuja kwenye kikao kama nitaitwa. Lakini nakubali umeandika bila kuficha, kaka.

BabaRehema_Tanga

Dada, uje. Bora lisemwe mbele yangu. Naipeleka Jumatatu asubuhi, na nakala yangu nitaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani, nisaidie moja kabla sijalala: mtoto akikosa aina iliyotangulizwa, analazimika kukata kwa turufu au anaweza kutupa garasa?

KaraniWaBaraza

Anaweza kutupa chochote. Akiwa nayo aina, lazima afuate. Asipokuwa nayo, hiari yake.

Nahodha_Msa

Hapa Mombasa tulikuwa tukilazimishwa kukata.

KaraniWaBaraza

Nahodha, mlichezea wapi hivyo? Tuelezane, maana hilo linabadilisha mchezo wote.